Namna ya Kuandaa Hotuba ya Kufungua Siku ya Sayansi Itakayomfanya Mwanafunzi Achague Swali Lake Mwenyewe

Ukialikwa kufungua siku ya sayansi katika shule ya sekondari hapa Uganda, utapewa dakika chache baada ya wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sala na utambulisho wa wageni. Mbele yako watakaa wanafunzi ambao wengi wao wameshajua watakachoonyesha: sabuni ya maji, makaa ya takataka, volkano ya siki na magadi, taa za barabarani za maboksi. Mada hizo si mbaya. Ila muulize mwenye mada swali moja tu, "Ungeona nini ndipo ukubali kwamba ulivyodhani sivyo?", naye atakutazama tu, kwa sababu jibu alikuwa nalo kabla hajaanza kazi.

Hotuba ya kufungua inaweza kubadilisha hali hiyo, lakini si kwa kuwaambia vijana wawe wadadisi. Wameshaambiwa hivyo na kila mgeni rasmi. Wanachokosa ni kuona kwa macho yao jinsi swali la mtu wa kawaida, lililotokana na kitu alichokiona njiani au jikoni, linavyopunguzwa mpaka likawa kazi ya kufanywa kwa beseni, saa na rula. Basi hotuba yako na ifanye kazi hiyo jukwaani, mwanzo hadi mwisho, kwa swali moja. Hapa chini naeleza namna ya kuiandaa, na nitatumia mfano mmoja ambao watoto wengi wa Uganda wamekutana nao: maji yanayozunguka kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe.

Kwanza, uliza tarehe

Kabla hujaandika neno, mpigie mwalimu wa sayansi na umuulize: maonyesho ya kazi za wanafunzi ni siku hiyohiyo ya hotuba, au ni baadaye? Shule nyingi hufungua na kuonyesha siku moja. Hapo hotuba ya kuchagua mada imechelewa. Mbao zimeshapakwa rangi na vijana wanasubiri tu majaji wapite. Omba siku ya ufunguzi itangulie maonyesho kwa wiki tano au sita. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 kwa kidato cha kwanza, unataka wanafunzi wafanye kazi za miradi, kwa hiyo ombi lako si geni kwa mwalimu mkuu, na muda wa kulitekeleza unaweza kupatikana ndani ya vipindi vya kawaida.

Uliza pia kama walimu wameshagawa orodha ya mada. Kama imegawiwa, zungumza nao mapema na kwa heshima ili iondolewe au igeuzwe kuwa ya akiba kwa atakayekwama. Mwanafunzi hatachagua swali lake wakati mwalimu wa darasa ameshamwandikia jina lake mbele ya "biogesi".

Omba maswali yao wiki moja kabla

Mwambie mwalimu aweke sanduku la boksi mlangoni mwa maktaba au maabara, na kila mwanafunzi atumbukize karatasi moja isiyo na jina. Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua utakachopata. Ukiwaambia "andika swali la sayansi", watakuandikia maswali ya mtihani: kasi ya mwanga ni ngapi, kuna sayari ngapi. Waambie hivi: "Andika jambo moja ulilolishuhudia wewe mwenyewe, nyumbani, njiani au hapa shuleni, ambalo hakuna aliyekueleza ukaridhika. Anza na neno *Niliona*."

Neno hilo moja linawarudisha kwenye maisha yao. Hapo utaanza kusoma vitu kama: niliona maharage ya zamani stoo yanakaa jikoni kuliko mapya, niliona senene wanajaa kwenye taa nyeupe kuliko za njano, niliona jerikeni nyeusi ina maji ya moto jioni kuliko ya njano, niliona maji Kayabwe yanazunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili.

Pitia karatasi zote ukizitenga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali ambayo kitabu kina jibu lake. Fungu la pili ni yale mazuri lakini makubwa mno kwa shule, kama kwa nini mvua imebadilika au kwa nini ugonjwa fulani haujapona. Fungu la tatu ni yale ambayo mtu anaweza kubadilisha kitu kimoja na kupima kingine kabla muhula haujaisha. Hotuba yako inatoka kwenye fungu la tatu. Na haya mengine usiyatupe. Mwachie mwalimu, kwa sababu swali la fungu la pili mara nyingi lina mtoto wake mdogo ndani yake anayeweza kushikika.

Lijue swali lako kuliko utakavyolisema

Tuseme umechagua swali la Kayabwe. Kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka, mstari wa ikweta umewekewa alama, na wapo watu wanaowaonyesha wasafiri mabeseni yenye tundu. Beseni likiwekwa hatua kadhaa kaskazini ya mstari, maji yanazunguka upande mmoja yakitoka. Likiwekwa kusini, yanazunguka upande wa pili. Juu ya mstari yanashuka moja kwa moja. Maelezo yanayotolewa ni kwamba dunia inayozunguka ndiyo inayoyasukuma.

Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia unapinda mwendo wa vitu vinavyosafiri juu yake, na kwamba upande wa kaskazini hupindishwa kulia na upande wa kusini kushoto. Vimbunga vya baharini, vyenye upana wa mamia ya kilomita na vinavyoishi siku nyingi, hufuata kanuni hiyo. Lakini nguvu hiyo hupungua kadiri unavyosogea ikweta, na juu ya mstari wenyewe haipo. Ndiyo sababu vimbunga karibu havizaliwi ndani ya nyuzi 5 za ikweta.

Sasa fanya hesabu. Kwenye ncha ya kaskazini, ardhi chini ya beseni hugeuka mzunguko mmoja kwa siku moja. Busia, ambako ni takriban nusu nyuzi kaskazini ya ikweta, mzunguko huohuo unachukua karibu siku 120. Mita 20 kutoka kwenye mstari, unachukua zaidi ya miaka 800. Beseni linamaliza maji kwa dakika mbili. Kwa hiyo kitu kinachoyazungusha pale Kayabwe hakiwezi kuwa dunia. Ni mwendo mdogo ambao maji yalikuwa nao tayari, uliotokana na jinsi yalivyomiminwa au jinsi beseni lilivyobebwa na kugeuzwa kabla ya kuwekwa chini. Maji yakikimbilia tundu la katikati, mwendo huo mdogo huongezeka kasi mpaka ukaonekana.

Je, dunia inaweza kabisa kuyazungusha maji ya chombo? Inaweza, kwa subira kubwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na maji yenye kina cha sentimita 15, akalifunika, akayaacha yatulie saa 24, kisha akafungua tundu dogo kwa chini. Maji yalizunguka kinyume cha mishale ya saa, kama inavyotarajiwa kaskazini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, watafiti wa Sydney walifanya vivyo hivyo na maji yakaenda upande wa pili. Miji hiyo iko mbali sana na ikweta. Sisi tuko juu yake.

Hayo yote uyajue, ila jukwaani utasema robo yake. Mwanafunzi akikujia baadaye na swali gumu, ndipo utayahitaji.

Na neno moja kuhusu adabu: usiwaite watu wa Kayabwe matapeli. Wanapata riziki yao, wengi wao wanaeleza walivyoelezwa, na ni wao waliomfanya mtoto aanze kuuliza.

Andaa mabeseni matatu

Tafuta mabeseni matatu meupe ya plastiki, mapana kama sentimita 40, yanayofanana. Katikati ya kila moja toboa tundu lenye upana wa sentimita 2 kwa kipande cha bomba kilichopashwa moto, kisha lainisha kingo kwa kisu. Ziba kwa kizibo cha mpira kutokea *chini*. Hili la chini ni la lazima: mkono ukiingia ndani ya maji kuchomoa kizibo, umeshayakoroga, na jaribio limekufa. Kila beseni likae juu ya madawati mawili yenye nafasi kati yake, na ndoo chini. Maji yenye kina cha sentimita 8 yanatosha.

Beseni la kwanza na la pili ni la jukwaani. Wanafunzi wawili watamimina maji, mmoja akifuata ukingo kuelekea kulia, mwingine kuelekea kushoto. Ngojeni nusu dakika mpaka juu pakae kimya, hata macho yakadhani maji yametulia. Dondosha vipande vidogo vya majani makavu, kisha chomoa. Kila beseni litazunguka upande ule maji yalikomiminiwa. Huna haja ya kusubiri yaishe. Baada ya sekunde 30 kila mtu ameona, unaziba tena.

Beseni la tatu liwe maabara, mbali na upepo na mbuzi wa jirani. Lijaze jioni iliyotangulia, lifunike kwa nailoni angavu, na mlango ufungwe. Usiku mzima si saa 24, lakini mwendo uliobaki utakuwa mdogo sana. Hilo ndilo beseni ambalo hata wewe huwezi kuapa litaenda upande gani.

Fanya zoezi zima siku moja kabla ukiwa na mtu wa saa. Kosa la kawaida ni tundu dogo: la sentimita 1 litachukua dakika sita au zaidi, na jukwaani dakika sita za kungoja maji ni ndefu mno. Kosa la pili ni beseni lililopinda, ambalo huzungusha upande mmoja hata ukimimina kinyume. Libadilishe. Na usitegemee kipaza sauti wala umeme. Jizoeze kusema ukisikika mpaka safu ya mwisho kwa sauti yako mwenyewe.

Iandike hotuba

Lenga dakika nane, jaribio likiwemo. Kwa mwendo wa kusikilizika, dakika nane ni kama maneno 700 ukiacha nafasi ya maji. Itifaki ichukue sentensi moja; waandaaji wameshamtambulisha kila mtu. Kama shule ina watoto wanaojifunza Kiswahili bado, sema swali kuu mara mbili, mara ya pili kwa lugha ya mahali pale, kwa sababu atakayelikosa swali atakosa yote.

Mwanzo usiwe methali wala sifa ya sayansi. Uwe ile karatasi yenyewe, mkononi:

> Mwalimu mkuu, walimu, wazazi, wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi mlioniita, nawasalimu. Nina karatasi hapa iliyotoka kwenye sanduku lenu. Haina jina. Imeandikwa hivi: "Niliona maji Kayabwe yanazunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Walisema ni dunia. Lakini hatua kumi tu?" Aliyeandika yuko kati yenu. Leo asubuhi yote tutamfanyia kazi yeye.

Angalia maneno ya mwisho ya karatasi, "hatua kumi tu?" Hapo ndipo udadisi ulipo. Mtoto hakuuliza tu kwa nini maji yanazunguka. Alihisi kwamba maelezo aliyopewa hayalingani na kitu alichokiona. Ukipata karatasi yenye mashaka ya namna hiyo, ichukue hata kama mada yake si ya kuvutia.

Sasa waambie wapige kura kabla ya maji kutoka, kwa kunyoosha mikono: nani anasema yatakwenda kulia, nani kushoto, nani hajui. Kura ina kazi yake. Aliyenyoosha mkono anakuwa na dau ndani ya beseni, na atatazama. Wasifu pia wale waliosema hawajui, bila kuwarembesha. Waambie tu kwamba jibu lao limeandikwa.

Wanafunzi mia tano hawawezi kuona beseni. Waite watano, kutoka vidato tofauti, wawe macho ya wenzao, watangaze wanachokiona. Kisha:

> Mabeseni haya mawili yako mita moja kutoka kwa jingine. Ikweta haikupita katikati yake. Mmoja amesema kulia, mwingine amesema kushoto. Kwa hiyo tumepata nini? Tumepata kwamba mkono uliomimina unatosha kuyageuza maji. Hatujapata bado kwamba dunia haifanyi lolote. Hayo ni mambo mawili, na mtu akiwaambia ni moja, mkatalieni kwa upole.

Aya hiyo ndiyo uti wa mgongo wa hotuba, usiipunguze. Vijana wengi wakishaona mabeseni mawili watadhani kesi imekwisha. Kuwaonyesha mpaka wa kile jaribio lilichothibitisha kunawafundisha zaidi kuliko jaribio lenyewe.

Baada ya hapo lipunguze swali mbele yao, kwa sauti, kama mtu anayefikiri:

> "Kwa nini maji yanazunguka?" ni swali zuri, lakini siwezi kulifanyia kazi kesho. Nalipunguza. Nitabadilisha kitu kimoja: muda wa kuyaacha maji yatulie. Dakika moja, saa moja, usiku mzima. Nitapima kitu kimoja: jani limezunguka mara ngapi kwa sekunde 30, na upande gani. Mengine yote hayaguswi: beseni lilelile, kina kilekile, mahali palepale, kizibo kwa chini. Nitarudia kila moja mara kumi, kwa sababu mara moja hunidanganya. Na nikiona maji ya usiku mzima yanazunguka kasi sawa na ya dakika moja, nitakubali kwamba mawazo yangu kuhusu mkono uliomimina hayakuwa sahihi.

Hapo wamesikia mambo manne ambayo kila mada inahitaji: ninachobadilisha, ninachopima, nisichogusa, na kitakachonifanya nikubali kwamba nilikosea. Usiwape majina ya kitaalamu ya mambo hayo siku hiyo, watayapata darasani.

Ndipo watume mashahidi watatu maabara kulifungua beseni lililolala. Wakirudi, watasema mojawapo ya mambo matatu: limezunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, au halikuzunguka. Jiandae kwa yote. Lolote litakalotokea, usilitafsiri kuwa ushindi. Sema: "Hii ni mara moja. Likirudiwa kumi na likaenda upande uleule kila mara, nitashuku beseni. Nitaweka jingine mahali palepale. Upande ukibadilika, umbo la beseni ndilo lililokuwa likiamua." Halafu songa mbele.

Kama utahitaji kisa cha mtu

Wazungumzaji wengi hukimbilia tufaha la Nyutoni. Tunacho kisa cha karibu zaidi, cha Erasto Mpemba wa Tanzania, na kinafaa kwa sababu kilianza kwa kuharakisha tu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jambo lake likachekwa kuwa ni fizikia ya Mpemba. Hatimaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule yao. Osborne hakukubali wala hakukataa, aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja.

Kisimulie chote, pamoja na sehemu ambayo huachwa: wanafizikia bado wanabishana. Wapo waliopima kwa makini, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha kwamba hawakuiona hali hiyo katika maji. Ukikisimulia kama hadithi ya kijana aliyewashinda walimu wake, unawafundisha wanafunzi kwamba swali ni zuri likishinda. Swali la Mpemba ni zuri kwa sababu alikiona kitu, akakieleza wazi kiasi kwamba mtu mwingine aliweza kukijaribu, na kinajaribiwa hadi leo. Kwa hotuba ya dakika nane, kisa hiki kichukue moja tu, na kama muda umekubana kiache, mabeseni yanatosha.

Funga mada yako mwenyewe, na weka mipaka

Jambo moja hutokea karibu kila mara: kesho yake nusu ya darasa inataka kufanya mabeseni. Umewaomba wafuate udadisi wao nao wamefuata wako. Kwa hiyo sema waziwazi kwamba mada ya beseni imefungwa mwaka huu, isipokuwa kwa yule aliyeandika karatasi, kama atapenda kujitokeza.

Taja pia yasiyoruhusiwa, kwa sentensi mbili tu: hakuna kuchukua damu ya mtu, hakuna kumpa mtu au mnyama dawa, hakuna asidi bila mwalimu, na hakuna kugusa nyaya za umeme wa nyumba. Ukiyaacha, mwalimu atalazimika kumkatalia mtoto baadaye, na mtoto ataona kwamba alidanganywa alipoambiwa achague.

Kubaliana na majaji kabla ya kupanda jukwaani

Huu ndio ugumu ambao hotuba nzuri haiwezi kuuvuka. Kama karatasi ya alama inatoa alama nyingi kwa uzuri wa ubao na kitu kinachowaka taa, vijana watarudi kwenye taa za barabarani hata ungehubiri vipi, nao watakuwa na haki. Omba kuiona karatasi hiyo. Pendekeza mambo matatu yapewe uzito: swali limetoka wapi, daftari la vipimo lenye makosa na mikwaruzo yake, na kama mwanafunzi anaweza kusema jaribio lake *halikuonyesha* nini. Wakikubali, litaje hilo kwenye hotuba kwa maneno ya mwalimu mkuu mwenyewe, au bora zaidi, mwombe alisimamie yeye:

> Aliyepata jibu tofauti na alilolitarajia hatapunguziwa alama. Atapunguziwa aliyefuta vipimo vyake.

Kama hawakukubali, usiseme maneno hayo. Ni ahadi ambayo wewe huwezi kuitimiza.

Ombi la mwisho liwe dogo na la siku hiyohiyo

Usimalize kwa kuwatakia kila la heri. Maliza kwa karatasi. Kila mwanafunzi apewe kipande kabla hajainuka, na aandike sentensi mbili: ya kwanza ianze na "Niliona", ya pili na "Nitabadilisha". Wape dakika tatu za kimya, na wewe ukae nao, usishuke jukwaani kwenda kwenye soda za wageni. Kisha tamka rasmi kwamba siku imefunguliwa.

> Sentensi ya kwanza niambie umeona nini, wapi, lini. Ya pili niambie utabadilisha kitu gani kimoja. Kama ya pili haiji, iache wazi. Mwalimu wako atakusaidia. Ya kwanza hakuna awezaye kukuandikia.

Jioni pitia karatasi na mwalimu. Alama ya kwamba hotuba ilifanya kazi ni mahali na wakati: "jikoni mwa shule, muhula uliopita", "kwa bibi, Tororo, mvua za Aprili". Ukikuta karatasi nyingi za "umuhimu wa maji" au "madhara ya moshi", basi waliandika walichodhani unataka kukisikia, na mwalimu atahitaji kukaa nao kwa makundi madogo kabla ya wiki kwisha.

Zilizobaki na sentensi moja tu ndizo za kushughulikia kwanza. Mchukue aliyeandika kuhusu maharage, kwa mfano, umuulize: ya zamani yalihifadhiwa wapi, kwenye joto au mahali pakavu penye ubaridi? Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva, na hilo linapimika. Achukue kilo moja ya aina moja, aigawe mara mbili, nusu aiweke kwenye chupa iliyofungwa karibu na jiko, nusu mahali pa baridi. Baada ya wiki tano ahesabu punje 50 za kila upande, azichemshe pamoja kwa moto mmoja kwenye vifuko viwili vya kitambaa, na kila dakika kumi atoe punje tano azibonyeze kwa vidole. Wiki tano huenda zisitoshe kuonyesha tofauti. Mwambie hilo tangu mwanzo, aliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na aanze kesho.